Swali lipi lirekebishwe, na wapi? Maswali ya mara kwa mara kuhusu ugumu na upambanuzi katika benki ya maswali

Ukurasa huu ni wa walimu wanaotunga mitihani kwa pamoja, hasa mitihani ya ujirani mwema ya darasa la saba, na ambao wameanza kuhifadhi maswali yao ili yatumike tena miaka ijayo. Mfano mmoja utarudi kila mahali: mtihani wa Sayansi na Teknolojia wenye maswali 40 ya kuchagua, uliofanywa na wanafunzi 148 wa shule tatu za kata moja. Takwimu zake nimezipanga mwenyewe kwa ajili ya kufundishia, lakini makosa yaliyomo ni yale yale ninayokutana nayo kila nikikaa na walimu tukapitia maswali yao.

Ugumu na upambanuzi ni nini hasa?

Ugumu wa swali, ambao huandikwa p, ni sehemu ya watahiniwa waliolipata. Wakilipata 62 kati ya 148, p ni 0.42. Jina lake huwachanganya wengi, kwa sababu namba ikipanda swali linakuwa jepesi. Swali lenye p ya 0.90 ni rahisi, lenye 0.20 ni gumu. Ukiona mwalimu anasema "swali hili lina ugumu mkubwa, 0.88", msimamishe hapo hapo, maana amesoma kinyume.

Upambanuzi, ambao huandikwa D, unauliza jambo tofauti: je, waliofanya vizuri mtihani mzima ndio waliolipata swali hili? Unawapanga wanafunzi kwa jumla ya alama, unachukua kundi la juu na kundi la chini lenye idadi sawa, kisha unatoa idadi ya waliopata chini kutoka idadi ya waliopata juu, na kugawanya kwa ukubwa wa kundi moja. Waliopata wakiwa 30 juu na 14 chini, na kila kundi lina watu 40, D ni 16 gawanya kwa 40, yaani 0.40.

Namba hizi mbili husomwa pamoja. Swali gumu lenye upambanuzi mzuri ni swali zuri lililo gumu. Swali gumu lisilopambanua huenda ni swali ambalo wote wamebahatisha, na hapo pana kitu cha kutafuta.

Kwa nini kila mtu anasema asilimia 27?

Truman Kelley alionyesha mwaka 1939 kwamba kundi la juu na la chini likiwa asilimia 27 ya watahiniwa kila moja, unapata uwiano mzuri kati ya mambo mawili yanayovutana: makundi yawe mbali ili tofauti ionekane, na yawe makubwa ili namba isiyumbe. Kwa wanafunzi 148, asilimia 27 ni 40 kwa kukadiria. Lakini hiyo 27 si amri. Ukitumia asilimia 25 au 30, kwa kawaida maamuzi yako hayatabadilika sana.

Jambo la kuwa nalo makini ni mpaka wa kundi. Mara nyingi wa 39 hadi wa 44 wana alama sawa. Amua nani anaingia kwa kigezo kisichohusiana na majibu yao, kwa mfano namba ya mtahiniwa, na uamue kabla ya kutazama swali lolote.

Ninahesabu vipi kwenye Excel?

Ingiza herufi alizochagua kila mwanafunzi, usiingize tiki na makosa. Hili nalisisitiza kwa sababu walimu wengi huingiza 1 na 0 ili kuokoa muda, kisha wanajikuta na p na D lakini hawajui waliokosa walikimbilia wapi. Bila herufi unajua swali ni bovu, ila hujui bovu wapi.

Weka vichwa mstari wa 1, majibu sahihi mstari wa 2, na wanafunzi kuanzia mstari wa 3 hadi wa 150. Majina yawe safu ya A, maswali 40 safu ya B hadi AO, na jumla safu ya AP. Jumla ya mwanafunzi wa kwanza ni hii, kisha uivute hadi chini:

```
=SUMPRODUCT(--($B3:$AO3=$B$2:$AO$2))
```

Sasa panga mistari ya 3 hadi 150 kwa safu ya AP, kubwa kwenda ndogo. Mistari ya 1 na 2 iache mahali pake. Ikipangwa pamoja na wanafunzi, kila hesabu itaharibika. Kundi la juu sasa ni mstari wa 3 hadi 42, na la chini ni 111 hadi 150. Kwa swali la kwanza, p, D, na idadi ya waliochagua herufi D katika kundi la juu ni:

```
=COUNTIF(B3:B150,B$2)/148
=(COUNTIF(B3:B42,B$2)-COUNTIF(B111:B150,B$2))/40
=COUNTIF(B3:B42,"D")
```

Ukiona swali ambalo jumla ya A, B, C na D haifikii 40 katika kundi, angalia kwanza kama waliobaki waliacha wazi au kuna mahali umeandika herufi ikafuatiwa na nafasi tupu. Excel huihesabu "C" yenye nafasi baada yake kama kitu kingine, na mtoto aliyepata anaonekana amekosa.

Namba ipi ni mbaya kiasi cha kuligusa swali?

Kwa upambanuzi, mipaka inayotumika sana ni ile ya Robert Ebel: 0.40 na kuendelea ni vizuri sana, 0.30 hadi 0.39 ni vizuri ingawa panaweza kuboreshwa, 0.20 hadi 0.29 ni swali la mpakani linalohitaji kupitiwa. Chini ya hapo ni dhaifu, lirekebishwe au liondoke. Ikiwa chini ya sifuri, usilitumie tena hadi umejua sababu.

Kwa ugumu, kumbuka kwamba kwenye swali la machaguo manne mtu anayebahatisha tu ana nafasi ya 0.25. Katikati ya 0.25 na 1 ni karibu 0.63, na maswali yaliyo jirani na hapo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kutenganisha wanafunzi. Mimi huanza kuhoji swali likiwa chini ya 0.30 au juu ya 0.85. Kuhoji, si kufuta. Mipaka hii inakuambia usome swali lipi kwanza, kwa kuwa huwezi kuyasoma yote 40 kwa umakini ule ule jioni moja.

Swali langu lina upambanuzi hasi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye jedwali la machaguo. Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo tulichukue swali moja tulifuate hadi mwisho. Swali la 12 liliandikwa hivi:

*Mnyama yupi kati ya wafuatao ana damu baridi?*
A. Popo  B. Kuku  C. Mjusi  D. Papa

Jibu lililowekwa ni C. Waliolipata ni 62, p ni 0.42. Ukitazama hiyo peke yake unasema swali ni gumu kidogo, hakuna tatizo. Sasa tazama makundi:

| Chaguo | Juu (40) | Chini (40) |
|---|---|---|
| A. Popo | 3 | 9 |
| B. Kuku | 2 | 8 |
| C. Mjusi (jibu) | 15 | 18 |
| D. Papa | 20 | 5 |

D ni 15 kutoa 18, gawanya kwa 40: hasi 0.08. Wanafunzi dhaifu wamelipata swali kuliko wanafunzi bora. Lakini soma mstari wa mwisho. Nusu ya kundi la juu wamechagua papa, na kundi la chini ni watano tu. Kipotoshi kizuri, yaani chaguo lisilo jibu, huvuta wasiojua. Hiki kimewavuta wanaojua.

Popo na kuku wanafanya kazi yao: wanavuta wengi chini na wachache juu. Kwa hiyo shina la swali linaeleweka na vipotoshi viwili viko sawa. Kosa lote liko mahali pamoja. Ukitaka uhakika, mwite mtoto mmoja kutoka kundi la juu umuulize kwa upole, bila kumwonyesha kwamba amekosa.

"Mbona ulichagua papa, mwanangu?"

"Papa ni samaki, mwalimu. Samaki ana damu baridi."

Kweli kabisa. Mtunzi alimwona papa mkubwa, anaogelea baharini, akamweka kichwani pamoja na nyangumi, akadhani ni mamalia. Swali lina majibu mawili sahihi. Mtoto aliyekariri kwamba mjusi ana damu baridi na asiyejua habari za papa amepata alama. Aliyejua wote wawili alilazimika kurusha shilingi.

Marekebisho ni neno moja: *papa* atoke, aingie *pomboo*, ambaye kweli ni mamalia na kweli anaishi baharini. Pomboo anabeba lile wazo potofu ambalo mtunzi alilitaka tangu mwanzo, kwamba kila kinachoogelea ni samaki. Usibadilishe shina, usimguse popo wala kuku. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mara moja na namba zikapanda, hutajua ni kipi kilichoponya. Zikishuka, hutajua ni kipi kilichoharibu.

Tuseme mwaka uliofuata swali linarudi kwa wanafunzi 152, makundi ya watu 41:

| Chaguo | Juu (41) | Chini (41) |
|---|---|---|
| A. Popo | 1 | 8 |
| B. Kuku | 0 | 6 |
| C. Mjusi (jibu) | 36 | 17 |
| D. Pomboo | 4 | 10 |

D sasa ni 19 gawanya kwa 41, yaani 0.46. Waliopata wote ni 100, p ni 0.66. Na chaguo la D limekuwa kipotoshi chenye nguvu kuliko vyote kwa kundi la chini, jambo ambalo mwalimu wa darasa anaweza kulitumia Jumatatu: watoto kumi kati ya arobaini na mmoja wanadhani pomboo ni samaki.

Nitajuaje kama tatizo ni jibu lililowekwa vibaya, si swali lenyewe?

Kwa jinsi kundi la juu linavyokusanyika. Swali likiwa na majibu mawili, kundi la juu hugawanyika, kama tulivyoona kwa mjusi na papa. Jibu likiwa limeandikwa vibaya kwenye mwongozo wa usahihishaji, kundi la juu karibu lote hukaa kwenye chaguo moja ambalo wewe umelihesabu kosa.

Swali la 23 liliuliza kizio cha kani: A. Jouli, B. Wati, C. Nyutoni, D. Amperi. Kwenye mwongozo liliandikwa B. Kundi la juu: A watatu, B wawili, C thelathini na watatu, D wawili. Kundi la chini: 11, 10, 9, 10. D ya jibu B ni hasi 0.20. Hamisha jibu kwenda C na inakuwa 24 gawanya kwa 40, yaani 0.60, mojawapo ya maswali bora ya mtihani mzima. Hapa hakuna kurekebisha swali. Rekebisha mwongozo, na usahihishe upya.

Lakini usihamishe jibu kwa sababu tu wengi wamelichagua. Fungua kitabu kwanza. Kuna wakati kundi la juu lote limekosea kwa sababu lilifundishwa vibaya, na hapo mwongozo uko sawa na somo ndilo la kurudiwa.

Na wanafunzi waliokwisha kufanya swali lenye kosa?

Haki yao kwanza, benki baadaye. Kwa swali la papa, C na D vyote vipewe alama. Kwa swali la 23, sahihisha kwa C. Ikiwa swali halina jibu sahihi hata moja, liondoe na mtihani uwe wa alama 39.

Baada ya hapo panga wanafunzi upya na uhesabu D ya maswali yote tena. Walimu wengi huruka hatua hii. Alama moja au mbili zinatosha kuwahamisha watu kutoka kundi moja kwenda jingine, na maswali ya mpakani yenye D ya 0.19 au 0.21 yanaweza kubadilika. Maswali yaliyo imara hayatatikisika.

Swali lina p ya 0.95 na D ndogo. Nilitupe?

Hesabu kwanza lilikuwa na nafasi kiasi gani ya kupambanua. Kati ya wanafunzi 148, waliopata ni 141 na waliokosa ni saba tu. Hata kama wote saba wangekuwa kundi la chini, D isingepita 7 gawanya kwa 40, yaani 0.18. Swali jepesi hivi haliwezi kufika 0.20 hata likiandikwa na nani. Ukiliona lina 0.15, limefanya karibu yote liliyoweza. Kulihukumu kwa mipaka ya Ebel ni kulionea.

Kwa hiyo amua kwa maudhui. Kama linapima jambo ambalo kila mtoto anapaswa kulijua kabla ya kumaliza shule ya msingi, mathalani namna ya kutengeneza mchanganyiko wa chumvi na sukari kwa mtu anayeharisha, libaki, na p kubwa ni habari njema. Maswali mawili au matatu ya aina hii mwanzoni mwa karatasi pia humtuliza mtoto mwenye hofu. Kama ni jepesi kwa sababu jibu limejifichua, hilo ni jambo jingine. Angalia kama jibu sahihi ni refu kuliko mengine, au linarudia neno lililo kwenye shina, au vipotoshi vinapingana na sarufi ya shina. Katika Kiswahili hili la mwisho hutokea mara nyingi: shina likiishia na "ni kile ki...", na jibu moja tu ni la ngeli ya ki-vi, mtoto hahitaji sayansi.

Vipotoshi viwili havichaguliwi na mtu. Je, ni tatizo?

Ni tatizo, kwa sababu swali la machaguo manne limegeuka kuwa la mawili na anayebahatisha ana nafasi ya nusu kwa nusu. Swali la 17: *Sayari iliyo karibu zaidi na jua ni ipi?* A. Zebaki, B. Zuhura, C. Mwezi, D. Kimondo. Kundi la juu 37, 3, 0, 0. Kundi la chini 27, 11, 2, 0. D ni 0.25, la mpakani, na sababu inaonekana: mwezi si sayari, kimondo si sayari, hata mtoto wa mwisho darasani anajua. Weka Dunia na Mirihi badala yake.

Vipotoshi vizuri hatuvibuni mezani. Tunavikuta kwa watoto. Chukua shina la swali bila machaguo, liandike ubaoni katika darasa ambalo halitafanya mtihani huo, waambie waandike jibu kwenye kikaratasi. Majibu yasiyo sahihi yanayojirudia ndiyo vipotoshi vyako. Njia nyingine ni ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambazo kwa maswali ya kuchagua hueleza watahiniwa walivutwa na kipotoshi kipi na kwa nini.

Na ukikosa kipotoshi cha nne chenye akili, mimi naona ni afadhali machaguo matatu yanayofanya kazi kuliko manne yenye moja lililokufa, iwapo utaratibu wa mtihani wenu unaruhusu.

Namba ni nzuri, lakini mwalimu wa shule moja analalamika swali halikuwa la haki. Nimsikilize nani?

Msikilize mwalimu, kisha zigawe namba kwa shule. Tuendelee na swali la 17. Mwaka uliofuata, vipotoshi vikiwa vimesharekebishwa, mtunzi aliyenakili karatasi aliandika *Utaridi* mahali pa *Zebaki*, kwa kuwa ndivyo alivyozoea mwenyewe. Ni sayari ile ile, na majina yote mawili ni Kiswahili. Matokeo: waliopata ni 95 kati ya 152, p 0.63, pale pale tunapopataka. Ukiishia hapo, unaliweka swali kwenye benki kwa furaha.

Kwa shule, picha ni nyingine kabisa. Shule ya kwanza walipata 44 kati ya 54, ya pili 40 kati ya 51, ya tatu 11 kati ya 47. Yaani 0.81, 0.78 na 0.23. Shule ya tatu walikuwa wanabahatisha, na waliopotea hawakupotea kwenye sayansi: mwalimu wao alifundisha Zebaki peke yake, na katika machaguo manne hawakuiona. Swali lilikuwa linapima jina na huku likijidai kupima mfumo wa jua. Dawa ni kuandika "Zebaki (Utaridi)" na kulipima upya.

Tofauti ya shule ikionekana pasipo neno lolote la kutatanisha, uwezekano mkubwa ni kwamba mada haikufundishwa pale, au ilifundishwa juu juu. Hapo swali halina kosa. Liache kama lilivyo na umpe mwalimu wa shule hiyo taarifa. Kulirahisisha swali kwa sababu shule moja haijafika kwenye mada ni kuharibu kipimo kilicho sahihi.

Darasa langu lina wanafunzi 38. Namba hizi zina maana?

Zina maana kidogo, na inabidi uzishike kwa mkono mlegevu. Asilimia 27 ya 38 ni wanafunzi 10. Katika kundi la watu 10, mtoto mmoja aliyeamka na homa anasogeza D kwa 0.10. Wawili wanaligeuza swali zuri kuwa la mpakani. Kwa darasa dogo gawanya wanafunzi nusu kwa nusu, 19 juu na 19 chini. Tofauti kati ya makundi itapungua kwa sababu watoto wa katikati wameingia, lakini kila mtoto sasa anasogeza 0.05 tu.

Zaidi ya hapo, usifute swali kwa ushahidi wa darasa moja dogo isipokuwa kosa linaonekana kwa macho, kama jibu lililowekwa vibaya. Liandikie tu kwamba lilipata 0.12 kwa wanafunzi 38, ulitumie tena, uone. Hii ndiyo faida kubwa ya ujirani mwema: shule tatu zikitumia karatasi moja, siku moja, na kusahihisha kwa mwongozo mmoja, mna watoto wa kutosha kuziamini namba.

Kuna jambo jingine la kuangalia hata mkiwa wengi. D inalipima swali kwa kulilinganisha na mtihani mzima. Kama maswali 36 ni ya afya na viumbe hai na manne ni ya umeme, hayo manne yanaweza kuwa na D ndogo kwa sababu tu watoto wanaojua umeme si wale wale wanaojua magonjwa. Kabla ya kuyalaumu, tazama kama yote manne yameshuka pamoja. Yakishuka pamoja, tatizo ni uwiano wa mada kwenye karatasi.

Nikishalirekebisha swali, takwimu zake za zamani nizifanyeje?

Zihifadhi, lakini usizichanganye na mpya. Swali lililobadilishwa hata neno moja ni swali jipya mbele ya hesabu. Swali la papa lilikuwa na hasi 0.08 na la pomboo lina 0.46, wastani wao hauhusu swali lolote lililowahi kuandikwa.

Mimi hulipa kila swali namba isiyobadilika na toleo, kwa mfano SY7-012 toleo la 1 na toleo la 2. Chini ya kila toleo naandika tarehe, shule ngapi, wanafunzi wangapi, p, D, na idadi ya kila chaguo juu na chini. Kisha sentensi moja ya sababu: "Papa ametolewa kwa kuwa naye ana damu baridi, ameingia pomboo." Sentensi hiyo ina thamani kuliko namba zote zilizo juu yake, kwa sababu miaka mitatu baadaye mwalimu mgeni atalitazama swali, ataona pomboo hafahamiki sana kwa watoto wa bara, na atatamani kuweka samaki mkubwa wanayemjua.

Hilo la pomboo si dogo, na nalisema kwa makusudi. Takwimu za toleo la 2 ni za watoto wa kata ile. Ukilipeleka swali mahali ambapo watoto hawajawahi kumsikia pomboo, anaweza kuvuta watu kwa sababu tu ni jina geni. Weka kwenye kadi pia limepimwa wapi.

Je, hesabu hizi zinafaa kwa maswali ya kujieleza?

Zinafaa kwa mabadiliko madogo. Ugumu ni wastani wa alama walizopata ukigawanywa kwa alama kamili za swali. Upambanuzi ni wastani wa kundi la juu kutoa wastani wa kundi la chini, ukigawanywa kwa alama hizo kamili. Swali la alama 10 ambalo kundi la juu lina wastani wa 7.5 na la chini 3.5 lina D ya 0.40.

Ugumu wa kazi upo kwingine. Hapa hakuna vipotoshi vya kukuonyesha palipovunjika, kwa hiyo inabidi usome karatasi zenyewe. Chukua tano za juu na tano za chini, na kabla ya kulilaumu swali, ziweke mbele ya msahihishaji wa pili bila kumwonyesha alama za wa kwanza. Mkitofautiana alama tatu au nne kwenye swali la alama 10, kinachotakiwa kuandikwa upya ni mwongozo wa usahihishaji.